Seli tatu, chuma kimoja na plagi: tathmini ya hatari niliyoirudisha mara mbili

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitaka kutengeneza taa ya dharura: umeme wa ukutani ukiwapo, betri inachajiwa, ukikatika, taa inawaka yenyewe. Betri ni seli tatu za lithiamu, zile za mviringo zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, zimeunganishwa moja baada ya nyingine. Taa ni ya LED, volti 12, inakula kama ampia 1. Yeye ndiye angelehemu kila kitu. Mimi nilikuwa msimamizi wake, na hakuna kinachoanza kwenye karakana kabla sijatia sahihi kwenye tathmini ya hatari.

Alileta karatasi moja yenye jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza, kulehemu: kuungua vidole, dawa yake uangalifu na miwani. Ya pili, umeme wa ukutani: kupigwa shoti, dawa yake glavu za mpira na uangalifu. Ya tatu, seli za lithiamu: moto, dawa yake kizimamoto na uangalifu. Kila safu ilikuwa na alama za uwezekano na ukali, moja hadi tano, kabla ya dawa na baada yake. Safu ya umeme ilianza na uwezekano 2 mara ukali 5, jumla 10. Baada ya glavu ikawa 1 kwa 2, jumla 2, imepakwa rangi ya kijani.

Hiyo 2 ndiyo iliyonifanya nimwite. Nilimuuliza, ukishika laivu ukiwa na glavu iliyotoboka, utaumia kwa kiasi gani? Akafikiri, akajibu: "Vilevile, mwalimu." Basi ukali haujashuka. Kinachoweza kushuka kwa tahadhari nyingi ni uwezekano. Ukali unashuka tu pale unapobadilisha chanzo chenyewe: volti ndogo zaidi, nishati ndogo zaidi, au kukiondoa kabisa. Mtu akipunguza ukali kwa glavu, jedwali linapendeza ila hatari inabaki palepale. Isitoshe glavu alizozitaja ni za kuoshea vyombo. Glavu za umeme hupimwa na huandikwa volti zake, na hata hizo hazifai kuvaliwa unaposhika waya mwembamba kwa koleo ndogo karibu na chuma cha kulehemu chenye nyuzi 350.

Nikamrudishia. Sikumwambia aongeze safu. Nilimwambia atupe jedwali kwanza, aandike kazi atakayoifanya tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hatua kwa hatua, na kwenye kila hatua aseme nini kiko mezani, nini kina umeme, na mkono wake uko wapi.

Toleo la pili lilikuwa na hatua kumi na moja, na lilinionyesha kitu ambacho jedwali lilikuwa limekificha. Alikuwa anatumia bodi tupu ya kugeuza umeme, isiyo na kasha, inayopokea volti 230 upande mmoja na kutoa 12.6 upande mwingine. Hatua ya tano ilisomeka: "Kuwasha bodi na kurekebisha skrubu ya volti kwa bisibisi huku nikisoma mita." Yaani mkono mmoja na bisibisi ya chuma, sentimita chache kutoka volti 230, huku macho yakiwa kwenye mita.

Na 230 si kilele chake. Bodi za namna hiyo hugeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu kwanza, kisha huuhifadhi kwenye kapasita kubwa. Volti za kapasita ni 230 mara kipeuo cha pili cha mbili, yaani karibu 325. Kapasita ya mikrofaradi 100 kwa volti hizo inabeba takriban jouli 5, na haziondoki kwa kuchomoa plagi. Kama mtengenezaji ameweka rezista ya kuzimaliza ya kiloomu 100, volti zinahitaji kama sekunde 19 kushuka chini ya 50. Kama hakuweka, au imeungua, zinaweza kukaa muda mrefu sana. Mwanafunzi alikuwa ameandika "nitachomoa kabla ya kugusa", na aliamini kabisa kwamba hapo amemaliza.

Alikitaja pia kikata umeme cha uvujaji, kile cha miliampia 30 kilichoko kwenye ubao wa karakana. Ni kizuri, na nisingemruhusu mtu kufanya kazi bila hicho. Lakini kinalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ukigusa laivu huku umesimama sakafuni, sehemu ya mkondo inapotelea ardhini, tofauti inaonekana, kinakata. Ukigusa laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, mkondo wote unarudi njia yake, na kwa kifaa hicho wewe ni taa tu kama taa nyingine. Nyuma ya kile kirekebisha umeme cha bodi, kwenye kapasita, hali ni hiyohiyo. Kwa hiyo kifaa alichokitegemea kingeweza kukaa kimya kwenye ajali yenyewe aliyokuwa akiitayarisha kwa bisibisi.

Suluhisho halikuwa glavu bora. Nilimuuliza mradi wake unachunguza nini. Akasema kubadilisha kutoka umeme wa ukutani kwenda betri bila taa kupepesa. Basi kwa nini ashike volti 230? Adapta iliyofungwa kiwandani, yenye alama ya mraba ndani ya mraba kuonyesha insulesheni mbili, inayotoa volti 15 za mkondo mnyoofu, inamletea kila anachohitaji. Kutoka hapo bodi ndogo ya kuchaji inashusha hadi 12.6 na kuzuia mkondo usizidi ampia 1. Skrubu anayoirekebisha sasa iko kwenye volti 15. Aliuliza kama atapoteza alama kwa kutojenga sehemu hiyo. Hapana, angezipoteza kama mradi ungekuwa juu ya hiyo sehemu, na tathmini yake ingekuwa karatasi nyingine kabisa, yenye kasha, fyuzi na mtu wa pili chumbani muda wote.

Safu ya umeme wa ukutani ikabaki na kitu kimoja: adapta na waya wake. Ukali 5, kwa sababu ndani ya kasha volti bado zipo. Uwezekano 1, kwa sababu kasha halifunguliwi na waya unakaguliwa kila asubuhi. Jumla 5. Alisikitika kidogo kwamba haikufika 2.

Ndipo tukaingia kwenye seli, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Umeme wa ukutani una plagi. Chuma cha kulehemu kina swichi. Seli haina. Ukishaitoa kwenye pakiti iko hai, na itabaki hai ukiwa umeenda kula. Toleo la pili lilikuwa limeandika: "Kulehemu waya kwenye ncha za seli." Maneno sita, na ndani yake mna makosa mawili makubwa.

La kwanza ni joto. Lehemu yenye risasi huyeyuka kwa nyuzi 183 za selsiasi, isiyo na risasi karibu 217, na ncha ya chuma huwekwa kama 350. Ndani ya seli, utando unaotenganisha pande mbili ni plastiki. Ile ya polithini hulainika na kuyeyuka kuanzia kama nyuzi 130. Upande wa hasi wa seli hizi ni kopo zima la chuma, linalonyonya joto kama sufuria. Lehemu haishiki, fundi anakaza chuma sekunde kumi, kumi na tano, na joto lote linakwenda ndani. Seli haitalipuka pale mezani. Mara nyingi itapoa, itafanya kazi, na kidonda kitabaki ndani kikisubiri siku ya kuchajiwa. Ndiyo maana "nimewahi kufanya hivyo na hakuna kilichotokea" haikuwa hoja niliyoipokea.

La pili ni shoti. Nilimwomba apige hesabu mwenyewe. Seli aliyochagua ina ukinzani wa ndani wa kama miliomu 40. Tatu ni 120. Ongeza 30 kwa waya na viungo, ni 150. Volti zikiwa zimejaa ni 12.6. Gawanya: ampia 84. Alinyamaza kidogo, kwa sababu alikuwa ameweka uwezekano wa kupigwa na volti 12.6 kuwa sifuri, na hapo alikuwa sahihi. Ngozi kavu haizisikii. Lakini pete ya chuma kwenye kidole ikiunganisha ncha mbili kwa ampia 84 haihitaji kuzisikia. Inapata joto kabla hujaivuta. Sharti la kuvua pete, saa na bangili likaingia kwenye karatasi kwa sababu ya betri, si kwa sababu ya umeme wa ukutani.

Tulizungumzia njia mbili. Moja ni kununua seli zilizokwisha kuchomelewa tepe za nikeli kwa mashine ya nukta, kisha kulehemu waya kwenye ncha ya tepe, mbali na kopo. Inafanya kazi, na kwa mkondo mkubwa ndiyo njia sahihi. Ila bado unalehemu kitu kilicho hai. Ya pili, ambayo aliichagua, ni kishikio cha plastiki chenye springi. Kwa ampia 1 springi zinatosha. Faida yake ni kwamba waya zote, fyuzi na bodi ya ulinzi vinalehemiwa kishikio kikiwa kitupu. Seli zinaingia mwisho, chuma kikiwa kimezimwa na kurudishwa kabatini. Kwa maneno mengine, tuliipa betri swichi.

Kishikio kina hatari zake, na niliuliza mpaka akazitaja. Seli inaweza kuingia kinyume. Bodi ya ulinzi ikipokea volti za kinyume kwenye waya za kusawazisha, zile zinazotoka kila kiungo cha seli kwenda kwenye bodi, huungua, na hapo umebaki na betri isiyo na mlinzi wakati wewe unadhani unaye. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka bodi, anapima kutoka hasi kwenda kila kiungo: seli zikiwa na volti 3.6 kila moja, anapaswa kusoma 3.6, 7.2, 10.8. Namba yoyote nyingine, seli zinatoka. Hatari ya pili ni ndogo machoni na kubwa kwa matokeo: upande wa chanya, ukingo wa kopo uko milimita chache kutoka kwenye kifuniko, na kopo ni hasi. Kinachotenganisha ni karatasi ya mviringo na ngozi nyembamba ya plastiki. Springi ikichana ngozi hiyo, seli imejifunga shoti yenyewe. Anakagua kila seli kabla ya kuiingiza, na yenye mchaniko inavalishwa ngozi mpya au inaachwa.

Fyuzi ya ampia 3 inakaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na kishikio. Alikuwa ameichora upande wa taa, karibu na swichi, mahali panapopendeza. Fyuzi hailindi waya ulio nyuma yake. Sentimita 20 za waya kati ya betri na fyuzi ni sentimita 20 ambazo zikichubuka hakuna cha kuzikatia.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshika kalamu. Kisha nikasoma hatua ya tisa: "Kuangalia volti za seli ya kwanza kwa osiloskopu wakati wa kuchaji, na kurekebisha viungo vya waya za kusawazisha ikihitajika." Kurekebisha viungo, yaani chuma kinawashwa tena huku seli zikiwa ndani.

Hapa ndipo hatari tatu zilipokaa kwenye kiti kimoja, na hakuna safu ya jedwali iliyozionyesha pamoja. Ncha ya chuma kizuri cha kulehemu imeunganishwa na ethi kupitia plagi yake. Ndivyo inavyotakiwa, ili isibebe umeme kama kitu kikiharibika ndani. Kibanio cha osiloskopu nacho kimeunganishwa na ethi kupitia plagi yake. Ukibana kibanio kwenye hasi ya seli ya kwanza, umeiunganisha hasi ya betri yote na ncha ya chuma cha kulehemu, kupitia ukuta. Ukigusa sasa waya wa kusawazisha wa upande wa chanya kwa ncha hiyo, umefunga betri shoti kwa njia ya mzunguko, ukipita kwenye plagi mbili. Si ampia 84, maana njia ni ndefu. Ncha pekee huweza kuwa na omu 1 au 2 hadi ethi. Ni ampia kadhaa, kwenye waya mwembamba wa kibanio na kwenye mkono wa mtu anayeshtuka kuona cheche pasipo na sababu. Fyuzi haioni kitu, kwa sababu waya za kusawazisha ziko upande wa seli. Bodi ya ulinzi nayo haioni, kwa sababu kibanio kimebanwa kwenye hasi ya seli yenyewe, nyuma ya mahali bodi inapokatia.

Adapta nayo inaweza kuleta mtego huohuo bila osiloskopu. Zile zenye pini tatu wakati mwingine huunganisha hasi ya kutoa na ethi. Yake ilikuwa ya pini mbili, kwa hiyo hakukuwa na njia, lakini niliandika kwenye karatasi apime kwa mita kama adapta itabadilishwa. Kompyuta iliyochomekwa kwenye chaja ya pini tatu na kuunganishwa na mradi kwa waya wa USB, hali kadhalika.

Nikarudisha mara ya pili. Hakupenda, na sikumlaumu. Toleo la tatu lilikuja siku mbili baadaye na sentensi moja juu kabisa, aliyoitunga mwenyewe: "Chuma cha kulehemu na seli havitakuwa mezani kwa wakati mmoja." Hatua ya tisa ilikuwa inatumia mita ya mkononi yenye betri yake, ambayo haina uhusiano wowote na ethi. Kiungo kikihitaji marekebisho: zima adapta, chomoa, toa seli zote tatu, zifunike, ndipo uwashe chuma.

Sehemu ya kulehemu yenyewe haikuhitaji mjadala mrefu. Moshi unaouona ni wa flaksi, si wa risasi; kwa joto hilo risasi haigeuki mvuke wa kutisha, inaingia mwilini kwa vidole unavyokulia. Flaksi ya utomvu ndiyo inayoweza kumpa mtu pumu ya kazini, na ikishampata huwa haimwachi. Feni ya kunyonya moshi iwe kando ya kazi na si nyuma ya kichwa, miwani, kunawa mikono, hakuna chai mezani. Kuungua kidole nilikiacha kwenye uwezekano 3, ukali 2. Atajiunguza. Kila mtu hujiunguza.

Kuchaji ndiko nilikoweka masharti yangu mwenyewe. Seli za uwezo wa ampia-saa 2.5 kwa mkondo wa ampia 1 huchukua kama saa tatu hadi zijae, kwa hiyo hakuna sababu ya kuziacha usiku. Zinachajiwa juu ya kigae, zikionekana, bila kitu kinachowaka ndani ya mita moja, na swichi ya adapta iko mlangoni na si nyuma ya meza. Hutaki kuinama juu ya kinachofuka moshi ili kuzima umeme. Seli iliyopimwa chini ya volti 2.5 haichajiwi, inaondolewa. Tofauti kati ya seli ikizidi volti 0.05 kabla ya kuziunganisha, kazi inasimama. Ganda likifika nyuzi 45, kazi inasimama. Nilitaka namba kwa sababu "ikipata moto sana" husomwa tofauti na mtu aliyebakiza nusu saa kumaliza mradi.

Kizimamoto cha unga alichokuwa amekiandika nilikibakiza, kwa ajili ya meza na karatasi. Kwa seli yenyewe hakitoshi: kinaweza kuua mwali lakini hakipoozi, na seli iliyoanza kujilisha joto inawaka tena. Kinachopooza ni maji mengi, umeme wa ukutani ukiwa umekatwa kwanza. Watu huogopa maji kwa sababu ya neno lithiamu, lakini seli hizi hazina lithiamu ya chuma tupu kama inayodhaniwa. Hata hivyo mwanafunzi hakupewa kazi ya kuzima. Seli tatu kama hizi zina kama wati-saa 27, na moshi wake una gesi za sumu, ikiwamo haidrojeni floridi. Karatasi inasema: ukisikia kufoka au ukinusa harufu tamu ya kiyeyushi, zima swichi ya mlangoni, toka, funga mlango, piga kengele. Hakuna kubeba betri nje kwa mikono.

Safu ya betri ilianza na 3 kwa 4, jumla 12. Ikaishia 2 kwa 4, jumla 8, rangi ya manjano. Nilitia sahihi ikiwa ya manjano, na chini yake nikaandika kwamba idhini ni ya seli tatu, adapta hiyo na kishikio hicho.

Wiki mbili baadaye alikuja mlangoni na seli ya nne mkononi. Taa ilikuwa inafifia mapema kuliko alivyotaka, na alikuwa anauliza kama anaweza kuiongeza tu. Nne zikijaa ni volti 16.8, na adapta yake inatoa 15. Hata kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshageuka kwenda kuchukua fomu mpya.